Abiria akisema "Nipeleke Muhimbili": namna ya kuuliza kabla hujaingiza gia

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya madereva wenzangu wa teksi na bajaji, hasa wanaopakia abiria kwenye vituo vya mabasi ya mikoani. Abiria anayetoka mkoani mara nyingi hajui anakokwenda kwa namna sisi tunavyojua. Anajua jina moja alilotajiwa kwenye simu, na jina moja Dar es Salaam halitoshi. Ukisema Mbezi, kuna Mbezi Beach kwenye Barabara ya Bagamoyo na kuna Mbezi Luis kwenye Barabara ya Morogoro. Ukisema Makaburini, kuna ya Sinza na ya Kinondoni. "Kwa Mangi" ni kila mtaa wenye duka.

Mimi somo hili lilinigharimu. Miaka hiyo mabasi yakiwa bado yanaishia Ubungo, nilimpakia kijana mwenye begi na kuku wawili, akaniambia Mbezi. Nikaelekea Mwenge, nikashika Barabara ya Bagamoyo mpaka Tangi Bovu, ndipo akaniuliza mbona haoni stendi ya daladala za Kibamba. Nililazimika kumrudisha mpaka Barabara ya Morogoro kwa mafuta yangu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Yeye alisema Mbezi, na Mbezi alikokuwa anakwenda ipo. Mimi ndiye sikuuliza ipi.

Nitaeleza hatua ninazofuata kupitia safari moja, ya mama mmoja aliyeshuka Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis jioni moja, akitokea Manyoni.

Hatua ya kwanza: mwache aseme yote, na bei isubiri

Mama alikuwa na kikapu, mfuko wa salfeti wenye viazi vitamu, na simu ya kitochi iliyozimika chaji tangu Morogoro. Akaniambia, "Baba, nipeleke Muhimbili."

Kosa la kawaida hapa ni kutaja bei. Ukishataja bei umeshaamua unakokwenda, na abiria naye akili yake inahama kutoka mahali kwenda kwenye pesa. Mtakaa mnapatana shilingi wakati hamjapatana safari. Ukija kugundua baadaye kwamba kumbe ni kwingine, kila utakachosema kuhusu nauli kitaonekana ujanja.

Nilichofanya ni kuweka mzigo wake chini pembeni ya gari, si kwenye buti. Mzigo ukishaingia kwenye buti, abiria anaona safari imeanza, na maswali yako anayasikia kama usumbufu. Nikamwambia, "Shikamoo mama, pole na safari. Niambie, huko Muhimbili unakwenda kwa nani?"

Angalia swali lenyewe. Sikuuliza "Muhimbili gani?" Mtu ambaye hajui kwamba zipo mbili, ukimuuliza ni ipi, unamtia wasiwasi tu, na atakujibu kwa kukisia. Nilimuuliza habari anayoijua vizuri kuliko mtu yeyote, yaani habari ya mtu wake.

"Kaka yangu mgonjwa, wiki ya pili sasa. Mwanawe ndiye anamuuguza. Kanambia wamemhamisha, yuko Muhimbili ile nyingine."

Hatua ya pili: jua shaka yako iko wapi hasa

Kwa dereva wa Mbezi Luis, "Muhimbili ile nyingine" ina maana moja tu, Mloganzila. Hospitali ile iliwekwa chini ya Muhimbili mwaka 2018, na tangu hapo jina ni moja kwa sehemu mbili. Ya zamani iko Upanga, katikati ya mji. Mloganzila iko nje, unachepuka kutoka Barabara ya Morogoro upande wa Kibamba. Ukisimama kituoni pale, ni pande mbili zinazopingana kabisa: Upanga unaelekea mjini, zaidi ya kilomita 20 na foleni yake, na Mloganzila unarudi kule kule basi lilikotokea. Kwa hiyo ukikosea hapa hukosei mtaa. Kila kilomita unayokwenda inamweka abiria mbali zaidi na mgonjwa wake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu maswali mazuri hayaji hovyo. Kabla ya kuuliza, jiambie kichwani: kuna sehemu mbili, je, ni kitu gani kinaweza kuwa kweli kwenye moja na kisiwezekane kwenye nyingine? Hicho ndicho cha kuuliza. Ukiuliza "Ni hospitali kubwa?" umepoteza pumzi, zote ni kubwa. "Ina ghorofa?" Zote zina ghorofa. "Kuna geti na walinzi?" Kila mahali.

Hatua ya tatu: usimlishe jibu

Wakati nawaza hivyo, mwenzangu wa kijiweni akasogea. Kijana mzuri, mwenye nia njema kabisa. Akasema, "Hiyo si Mloganzila, mama! Hapo tu karibu, kwanza utalipa kidogo."

Mama akaitikia, "Eeh, hiyo hiyo."

Dereva mwingine angeshaondoka. Ameuliza, amejibiwa, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba mama hakujibu kutokana na anachokijua. Alikuwa amekaa kwenye basi tangu asubuhi, yuko mji asioujua, na mbele yake kuna mwanaume anayezungumza kwa uhakika. Wazee wetu wamelelewa kutomkatalia mwenyeji neno. Zaidi ya hapo ameambiwa ni karibu na ni nafuu. Nani atakataa?

Swali la "si ni fulani?" linabeba jibu lake ndani. Dalili ya kwamba umemlisha mtu jibu ni kwamba anakubali haraka na haongezi kitu. Anayejua kweli huongeza: "Eeh, ndiyo, ile yenye mnazi getini." Asiyejua husema "eeh, hiyo hiyo," akanyamaza.

Ukiona hivyo, kuna swali moja la kutengua. Nilimuuliza taratibu, "Mama, hilo jina la Mloganzila, kijana wako alikutajia kwenye simu, au umelisikia sasa hivi hapa?"

Akafikiri kidogo. "Nimelisikia kwa huyu baba hapa. Kijana alisema Muhimbili tu. Alisema wamemhamisha, yuko kule kwingine."

Kwa hiyo tukarudi mwanzo, na hilo halikuwa hasara. Tulikuwa tumeondoa uhakika wa uongo.

Hatua ya nne: uliza vitu alivyosikia au kuona, si majina

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ningependa mwenzangu atulie zaidi.

Majina ya mahali hupotea njiani. Mtu hutajiwa jina mara moja kwenye simu yenye mtandao wa kukatika, akaambiwa tena na jirani, na likifika kwako limeshabadilika. Habari za maisha hazipotei hivyo. Mama huyu hakuwahi kufika hospitali ile, lakini kwa wiki mbili alikuwa anasimuliwa kila jioni mgonjwa amekula nini, amelalaje, nani kaja kumwona. Ndani ya hadithi hizo mna ramani. Kazi yako ni kuitoa.

Nikamuuliza, "Huyo kijana anayemuuguza, usiku analala wapi?"

"Kariakoo, kwa binamu yake, ana duka la vyombo."

Kariakoo inaelekea Upanga, lakini haijathibitisha. Mtu anaweza kulala Kariakoo na akapanda gari kwenda Mloganzila kila siku, watu wanafanya hivyo. Dereva mwenye haraka angesimama hapa. Niliongeza swali la pili, na la pili ndilo lililofungua: "Chakula cha mgonjwa anakipelekaje?"

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Anapika uji alfajiri, anatia kwenye chupa, anakwenda nao kwa miguu. Kaka mwenyewe kanambia kwenye simu, uji unafika bado wa moto, mpaka anausubiri upoe."

Kwa miguu. Kutoka Kariakoo mpaka Muhimbili ya Upanga ni mwendo wa kama nusu saa, na wauguza wengi wanautembea kila asubuhi na chupa zao mikononi. Kutoka Kariakoo mpaka Mloganzila hakuna binadamu anayekwenda kwa miguu na uji. Neno moja lilikata shauri ambalo "hospitali gani?" isingelikata hata tungeulizana mpaka usiku.

Maswali ya aina hii ninayo kichwani na huyatumia mara kwa mara. Anayekuja kukupokea atakuja na usafiri gani, na anasema ni muda gani? Akitoka kazini anashukia kituo gani? Asubuhi kuna kelele za nini, ni adhana, ni treni, ni ndege? Ukifika mvua ikinyesha mnapitaje? Swali hili la mwisho linasaidia sana kwa mitaa ya mabondeni. Mtu hatakumbuka jina la mtaa, lakini atakumbuka kwamba mwaka jana mwanawe alimwambia daraja lilikatika wakazungukia kwingine.

Hatua ya tano: tafuta jibu linaloweza kukukatalia

Nilikuwa na hakika, lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki hakijakaa sawa. Kama mgonjwa yuko Upanga, "amehamishwa kule kwingine" maana yake nini? Inawezekana alikuwa Upanga zamani, kijana akawa anapeleka uji kwa miguu, na juzi tu wakamhamishia Mloganzila. Hadithi ya uji ingekuwa ya kweli, lakini ya wiki iliyopita.

Mtego huu wa wakati unawakamata hata madereva makini. Abiria hasemi uongo, anakupa habari iliyopitwa. Kwa hiyo kila ukipata dalili nzuri, uliza ni ya lini.

"Mama, habari ya uji kakwambia lini?"

"Jana jioni."

"Na kuhamishwa?"

"Hiyo siku ya tatu leo."

Uji ulikuja baada ya kuhamishwa. Kwa hiyo alihamishwa ndani ya hospitali ile ile, kutoka jengo moja kwenda jengo lingine. Muhimbili ya Upanga ni eneo pana lenye majengo mengi, na wodi zake zinajulikana kwa majina ya majengo: Mwaisela, Kibasila, Sewahaji. Humo humo ndani wamo Taasisi ya Mifupa, MOI, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mgonjwa akihamishwa kutoka jengo moja kwenda lingine, kwa mtu aliye Manyoni yote hayo ni "kule kwingine."

Hatua ya sita: pata shahidi wa pili, naye umuulize vizuri

Kama kuna namna yoyote ya kumpata mwenyeji, mpate kabla ya kuondoka. Kitochi cha mama kilitumia chaja ya pini nyembamba, na waya wa garini kwangu haukuingia. Nikamwomba ruhusa, nikatoa laini yake mbele ya macho yake nikaiweka kwenye simu yangu ndogo ya akiba. Fanya hivi abiria akiona, na umweleze unachofanya, kwa sababu laini ndiyo benki yake. Majina hayakuwemo kwenye laini, yalikuwa kwenye simu. Lakini nilijua kijana lazima alikuwa anampigia tangu jioni. Tukakaa dakika chache, ikaita.

"Shangazi! Uko wapi, mbona hupatikani?"

Mama akanipa simu. Na hapa kuna jambo la kujifunza: yule kijana wa mjini naye, nilipomuuliza nimlete wapi, alisema, "Mlete Muhimbili tu, kaka, nitakuwa nje." Mwenyeji naye hutaja jina moja, maana kwake lipo moja. Angekuwa anauguza Mloganzila angesema vile vile.

Nikamuuliza, "Ukitoka nje ya geti hapo ulipo, barabara iliyo mbele yako ukiifuata inakupeleka wapi?"

"Nikienda hivi natokea Fire."

Fire ni makutano ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Basi, imekwisha. Nikamuuliza na jengo, akasema Kibasila, nikalirudia mara mbili mama alisikie.

Abiria akiwa anakuita kwa programu ya simu, mambo ni yale yale. Alama ya ramani inaonyesha alichogusa kwenye orodha, na wengi hugusa jina la kwanza linalotokea. Mimi huwa sianzi safari ya hospitali, ya kanisa, au ya shule kabla sijamuuliza abiria mwenyewe kitu kimoja kuhusu mahali pale ambacho ramani haikukitaja.

Hatua ya saba: rudia safari kwa mdomo, kisha bei

Hii ni fupi ila usiiruke. Nilimwambia mama kwa sauti, "Tunakwenda Muhimbili ya Upanga, mjini. Tutapita Kimara, Ubungo kwenye daraja la juu, Magomeni, Jangwani, halafu Fire, tukunje. Kijana atakuwa getini, mgonjwa yuko jengo la Kibasila. Nimekosea?" Akasema sijakosea, na akaongeza mwenyewe, "Magomeni kakitaja, alisema nikipita Magomeni nimekaribia." Unaona? Ameongeza. Hilo ndilo jibu la mtu anayejua.

Ndipo nikataja bei. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya Mloganzila aliyotajiwa na mwenzangu, na mama hakubisha, kwa kuwa alishaelewa ni kwa nini.

Njiani usifunge masikio. Nilipokuwa napita Ubungo nilimtajia, nilipofika Magomeni nikamtajia. Abiria anayejua njia anakokwenda hata kwa kusimuliwa atakusimamisha mapema ukiwa umekosea. Asiyetajiwa chochote hunyamaza mpaka mwisho, kama yule wangu wa kuku wawili. Wakati wa mvua kubwa Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa. Ukilazimika kuzunguka, mwambie abiria kabla hujakunja, la sivyo ataona njia aliyotajiwa imebadilika na ataanza kukuogopa.

Ukiuliza na usipate

Yapo maswali yasiyopata jibu. Abiria hana simu, hana karatasi, na hadithi zake hazina kitu cha kushika. Hapo usikisie kwa kufuata palipo karibu, wala palipo na nauli nono. Mrudishe ndani ya kituo, kwenye ofisi ya basi alilokuja nalo. Mara nyingi aliyemkatia tiketi mkoani anajulikana, na anaweza kupigiwa. Ikishindikana, kituo kina polisi. Usiku usimshushe mtu asiyejua anakokwenda kwenye njia panda yoyote, hata akikuambia hapa panatosha.

Mama wa Manyoni nilimfikisha saa mbili usiku. Kijana alikuwa amesimama getini kweli, chupa ya chai kwapani, ile yenye maua mekundu. Shangazi yake alipomkumbatia alianza kuipapasa chupa kuona kama bado ina joto.